Kibandiko cha friji

Hapa kambini nyumba tatu za kiwanja chetu zinatumia mita moja. Mwezi uliopita uniti ziliisha mapema, na lawama zote zikamwangukia jirani yetu anayeuza juisi baridi. "Mama, friji yako inatumaliza." Alikuwa tayari kuiuza.

Nikaomba kila nyumba ipige picha ya kibandiko cha kila kifaa na kunitumia kwa simu. Hesabu yake: wati mara saa za kila siku, mara siku 30, gawanya kwa 1,000. Unapata uniti za mwezi.

Friji imeandikwa wati 100. Nikazidisha kwa saa 24, nikapata uniti 72. Watu wakapiga kelele. Lakini nilikosea. Friji ikishapoa inanyamaza, halafu inaanza tena. Tukakaa na saa mkononi tukasikiliza: usiku ilinguruma dakika 20 katika saa moja, mchana, joto la mabati likiwa kali, dakika 30. Wastani ni dakika 25, yaani saa 10 kwa siku. Uniti 30.

Kisha picha ya koili ya kuchemshia maji ya kuoga: wati 1,000, saa moja kila siku. Koili haipumziki, maji yakichemka bado inakula tu. Uniti 30 vilevile!

Koili ni ya kwetu nyumbani. Nilienda kwa yule mama nikamwambia, "Mama, usiuze. Tutalipa sawa."