Nukta Mbili Chini ya Wino Mwekundu



Mimi ni mwalimu wa chuo. Siku za likizo wanafunzi wangu huandika imla nyumbani, mzazi akaupiga picha ukurasa na kuniletea kwa simu. Nami huisahihisha picha hiyo kwa kalamu nyekundu iliyomo ndani ya simu, kisha nikairudisha. Nalidhani kazi hii ni ile ile ya daftari, mpaka siku niliyomdhulumu mtoto bila ya kukusudia.

Imla ile ilikuwa na maneno 10, na la nne lilikuwa "bayt", yaani nyumba. Binti yule aliliandika sawasawa, nami nikatia vema kubwa juu ya neno lenyewe, nikampa 8 katika 10. Sasa, katika khati ya Kiarabu neno "bayt" na neno "bint" yana umbo moja. Yatenganishwa na nukta za herufi ya kati tu, mbili chini kwa "bayt", moja juu kwa "bint". Vema yangu ilizifunika zile mbili za chini, na ncha yake ikaacha kitone juu.

Mwisho wa muhula mwalimu mwenzangu alizipitia picha, akasoma "bint", akapunguza alama ikawa 7. Mtoto alilia, akasema hakuandika hivyo. Nilipoitafuta picha aliyoileta sikuiona, kwani nilikuwa nimehifadhi ile iliyosahihishwa mahali pake. Baba yake akaja na daftari kwapani, akalifungua mbele yetu, na nukta mbili zikaonekana wazi. Nikamwomba radhi mtoto, na alama yake ikarudi.

Tangu siku hiyo nimefahamu tofauti iliyopo. Katika daftari, wino wangu ukipita juu ya wa mtoto, mara nyingi wa chini huonekana bado ukilitazama karatasi kwa karibu. Katika picha sivyo: kalamu ya simu haipaki juu, bali huchukua mahali pa kilichokuwapo, na ukishahifadhi, mara nyingi viwili hivyo huwa kitu kimoja wala havitengeki tena. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhifadhi nakala mpya na kuiacha picha ya mtoto kama ilivyokuja.

Jambo la pili ni mahali pa kuandika. Nafasi iliyo baina ya mistari yaonekana tupu, walakini si tupu: alifu na lamu hupanda juu, mikia ya rai na wau hushuka chini, na fataha yenyewe ni kistari cha mshazari. Mkwaju mwekundu juu ya herufi waweza kusomwa kuwa fataha. Basi mimi hutia vema ndogo mwisho wa mstari tu. Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo mwisho wake ni kushoto, na huko ndiko nafasi iliko. Kwa Kiswahili ni kinyume chake, vema hukaa kulia. Neno lenye kosa silikati kwa mstari. Huweka namba ndogo mwisho wa mstari wake, 1 au 2, na maelezo ya namba hizo huyaandika katika ujumbe unaofuatana na picha. Jumla ya alama hukaa pembeni juu, nje ya maandishi.

Lakini ikiwa mtoto ameujaza ukurasa mpaka ukingoni? Dawa yake ni kabla ya kupiga picha. Nimewaomba wazazi waweke daftari juu ya karatasi nyeupe kubwa kuliko lenyewe, wakapiga picha hata weupe uonekane pande zote kwa upana wa vidole vinne. Weupe huo ndio uwanja wa mwalimu. Na ikiwa picha imekwisha kuja bila ya nafasi, huiweka ndani ya ukurasa mtupu wa kompyuta, nikaipunguza kidogo na kuandika kandoni mwake. Huko nako yafaa kujihadhari na kisanduku cha maneno chenye rangi nyeupe ndani, kwani hufunika kama karatasi iliyobandikwa.

Kabla ya kuirudisha picha, hufungua ya asili na iliyosahihishwa, nikazikuza kwa vidole viwili na kufuata mstari kwa mstari. Kila nukta niionayo katika ya kwanza sharti niione katika ya pili. Isipoonekana, hufuta vema yangu na kuisogeza. Kwa imla ya maneno 10 kazi hiyo haizidi dakika mbili, na binti yule hatalia tena kwa sababu ya kalamu yangu.

Wassalaam.