"Haisomeki" ni jibu pia

Wiki hii mmenitumia tena picha za karti za kura mkiuliza: "Soma hapo, imeandikwa nini?" Wengi ni familia zilizotoka Djugu, zilizoko kambini hapa Bunia, na majina yao yanaandikwa upya kwa ajili ya msaada. Karti ya kura ndiyo kitambulisho ambacho wengi wetu tunacho mkononi. Na hizi za mwaka 2023 mnazijua. Wino wa nyingi ulianza kufutika hata kabla ya uchaguzi wa Desemba 20 mwaka ule, CENI ikalazimika kutoa nakala za pili.

Picha moja ilikuwa ya karti ya mama mmoja. Jina lake la kwanza lilikuwa na herufi nne: M, A, kisha doa, kisha E. Ndani ya doa vilibaki vijistari viwili vya juu, kimoja kimelalia kushoto, kingine kulia. Chini wino ulikwisha kabisa. Hiyo ni V? Inawezekana. Lakini Y nayo ina mikono miwili ileile juu, na tofauti yake na V iko chini, palepale palipofutika. Kijana aliyeshika orodha alitaka kuandika MAVE, kwa sababu huku kwetu Mave ni wengi. Hapo hakuwa anasoma karti tena. Alikuwa anasoma mazoea yake.

Mtauliza kwa nini asimuulize mama mwenyewe. Tulimuuliza, akasema anaitwa Mave. Lakini mama anajua jina lake linavyotamkwa. Hajui karani wa 2023 alibonyeza herufi gani, maana yeye hasomi. Siku ya malipo atakayelinganisha orodha na karti hatamsikiliza mama kwanza, ataangalia herufi. Zikipishana, anarudishwa. Tumeona watu wakirudishwa kwa herufi moja, wakaacha foleni na kwenda kutafuta shahidi.

Ubaya wa kubahatisha ni kwamba haubaki na alama. V iliyobahatishwa na V iliyosomwa vizuri zinafanana kwenye orodha. Anayeipokea kesho hawezi kujua ni ipi ya kuhakikisha. Alama ya kuuliza, yeye anaiona mara moja.

Basi tuliomba picha nyingine kwanza. Karti ilitolewa nje kivulini mchana, ikawekwa juu ya kitambaa cheusi, taa ya simu ikazimwa kwa sababu plastiki inang'aa na kufunika maandishi. Ikainamishwa kidogo upande huu na ule. Kisha picha ikatumwa kwa WhatsApp kama hati, si kama picha ya kawaida, kwa maana ile ya kawaida hubanwa na herufi ndogo hupotea. Kuikuza kwa vidole hakusaidii: doa linakuwa kubwa tu.

Picha ya pili ilisaidia upande mmoja. Namba yote ilisomeka. Herufi ya tatu ilikataa.

Kabla ya kukata tamaa nilifanya jaribio ambalo nawashauri wote wanaoandika orodha. Nilimwonyesha mtu wa kwanza sehemu ile bila kumwambia jina, naye akasoma V. Wa pili, aliyekuwa mbali asiyesikia, akasoma Y. Ukimtajia mtu jina kwanza, jicho lake litaliona hata kama halipo, kwa hiyo nyamaza. Wawili wenye macho mazuri wakitofautiana, picha hiyo haijasema kitu.

Tukaandika MA?E, na pembeni: "herufi ya 3 haisomeki kwenye karti, kwa kauli yake mwenyewe, Mave." Mambo mawili yakae mbali, kile karti inachoonyesha na kile mtu anachosema. Karti ya chanjo ya mtoto wake ilikuwa na jina Mave, tukalitaja nalo, lakini hatukulihamishia kwenye nafasi ya karti, kwa sababu karani wa zahanati huandika anavyosikia.

Kijana alinung'unika kidogo. Aliogopa alama ile ingemfanya mama aachwe. Ni hofu ya kweli, na baadhi ya ofisi hupenda orodha safi kuliko orodha ya kweli. Ndiyo maana tulimwomba mwenyekiti wa kambi aweke sahihi chini ya maelezo, na namba ya karti ikaandikwa kamili.

Siku ya malipo mlipaji aliangalia karti, akaona doa lilelile, akaangalia orodha, akaona alama. Akamwita mwenyekiti, akauliza maswali mawili, akalipa. Mama bado anahitaji nakala ya pili ya karti, maana doa linaendelea kupanuka.