Mwaka Jana Aliwekewa Mbili

Sampuli ya mtoto ilifika dirishani saa saba na robo usiku. Nilikuwa katika mafunzo ya vitendo kwenye hospitali moja ya wilaya, Kanda ya Ziwa, na zamu ile nilikuwa peke yangu maabara. Nesi alinipa kichupa chenye kifuniko cha zambarau pamoja na fomu ya kuomba damu: mvulana, miaka miwili na miezi minane, kilo 10, malaria kali, joto nyuzi 39.2, wingi wa damu 3.4. Mtoto wa umri huo anatakiwa awe na 11 hivi. Pembeni daktari alikuwa ameandika HARAKA na kupiga mistari miwili chini yake.

Chini ya fomu kuna swali linalouliza kama mgonjwa aliwahi kuongezewa damu. Lilikuwa limeachwa wazi. Sikulijali, kwa sababu fomu nyingi za usiku huja hivyo.

Mama yake alikuja nyuma ya nesi, akakaa kwenye benchi la korido, kanga moja mabegani na nyingine mapajani. Nitamwita Mama Masanja. Alinizidi miaka michache tu, lakini kila nilipopita aliinuka nusu, kama mtu anayempisha mkubwa.

Kupima kundi hakuchukui muda. Unadondosha damu ya mtoto kwenye kigae cheupe, unaongeza matone ya dawa, unatikisa polepole na kuangalia inapoganda vipunje. Masanja alikuwa kundi O chanya. Kwenye friji kulikuwa na mifuko miwili ya kundi hilo. Nikachukua mmoja nikaanza kuilinganisha damu yake na ya mtoto, kazi ambayo wodini wote huiita krosimachi.

Unachofanya ni kuitangulia hatari ndani ya mrija wa kioo. Unaweka plazima ya mtoto, yaani ule umajimaji wa damu wenye kingamwili zake, halafu unaongeza seli nyekundu za mchangiaji. Kama kingamwili zinazikataa zile seli, ni heri zizikatae humo kwenye mrija kuliko kwenye mshipa. Hatua ya kwanza ni kuuzungusha mrija kwenye mashine na kutazama. Inatosha kuonyesha kosa kubwa, kama kumpa mtu kundi lisilo lake. Hatua ya pili ni ndefu: mrija unakaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa dakika 30, seli zinaoshwa mara tatu kwa maji ya chumvi, kisha unaongeza dawa ya antiglobulini na kuzungusha tena. Hapo ndipo zinapoonekana kingamwili za kificho, zile zinazoshika seli bila kuzigandisha.

Hatua ya kwanza ilitoka safi. Wakati huohuo nesi alirudi. “Anahema kwa shida,” alisema. “Kama ya kwanza iko safi, nipe niondoke nayo. Daktari atasaini.”

Ombi lake halikuwa la ajabu. Mtoto mwenye damu chini ya 4 anaweza kufa wakati maabara inaosha mirija, na daktari ana ruhusa ya kuchukua damu kabla kipimo hakijakamilika. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mpini wa friji. Nikatoka kwanza kumwambia mama kwamba damu imepatikana.

Hakunisubiri nimalize. Alifungua pindo la kanga, akatoa kadi yake ya kliniki ya uzazi na kunyoosha mkono. “Dokta, chukua yangu. Mimi ndiye mama yake. Itamkataa vipi?”

Kadi iliandika kundi A. Nikachuchumaa mbele ya benchi nikamweleza: amechukua nusu kwako na nusu kwa baba yake, na nusu aliyoichukua kwako haikuwa na hiyo A. Mwili wake unaiona A kama adui. Damu yako ingemuua.

Alikaa kimya, akikunja kadi. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, “Ya mwaka jana ilitoka wapi basi? Mwaka jana aliwekewa mbili.”

“Mbili za nini, mama?”

“Chupa mbili za damu. Tulikuwa kwa bibi yake.”

Niliinuka. Mtu aliyewahi kupokea damu ya wengine anaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama za seli ambazo kipimo cha kundi hakizigusi. Haziganduki kwenye mzunguko wa kwanza. Hutokea kwa wachache, lakini swali la kwenye fomu lipo kwa ajili ya hao wachache. Nilimwambia nesi, naye akakimbia kumwambia daktari. Jibu lilirudi: mtoto yuko kwenye oksijeni, tusubiri, lakini si zaidi ya saa moja.

Nilisubiri dakika 30 upande mmoja wa mlango, Mama Masanja akisubiri upande wa pili. Nikaosha mara tatu. Nikaongeza antiglobulini, nikazungusha, nikauinamisha mrija kwenye taa. Seli hazikutawanyika. Zilishuka zikiwa donge moja jekundu, nikatikisa, likabaki donge.

Sikufurahi. Niliona kosa langu mwenyewe. Dawa ilikuwa imebaki kidogo, nami kwa ubahili nilikuwa nimepima mfuko mmoja badala ya yote miwili kwa pamoja. Sasa ilibidi nianze upya, na zile dakika nilizipoteza mimi. Nilitoka nikamwambia mama kwamba ile ya kwanza imemkataa. “Usiniambie imeisha,” alisema. Nikamwambia ipo moja.

Mfuko wa pili ulipita saa tisa na dakika arobaini. Kwa kilo 10 tulihesabu mililita 200, zaingia polepole kwa saa nne, nesi akipima joto kila robo saa mwanzoni.

Joto ndilo linalonirudia hadi leo, nikiwa nasoma shahada ya uzamili. Damu isiyooana ikiingia, dalili yake ya mapema ni homa. Baadaye macho huwa ya njano, mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, na wingi wa damu hushuka tena. Masanja alikuwa na homa tayari, na malaria kali huleta hayo mengine yote. Tungempa mfuko wa kwanza, akazidiwa, tungeandika malaria. Daktari, nesi, mimi, hakuna ambaye angejua. Mama ndiye angezika, na angeambiwa alichelewa kumleta.

Saa mbili asubuhi nilipita wodini kabla ya kwenda kulala. Masanja alikuwa ameketi, midomo imeanza kurudi rangi, akikataa uji. Mama yake alinisalimia bila kuinuka, na nilifurahi kuliona hilo.

Niliomba kadi ya mtoto. Ukurasa wa nyuma, kwa herufi kubwa, niliandika: ALIWAHI KUONGEZEWA DAMU. ANA KINGAMWILI. USITOE DAMU BILA KIPIMO CHA ANTIGLOBULINI. Nikamsomea mara mbili.

“Hata wakisema haraka?” aliuliza.

“Hata wakisema haraka, waonyeshe kwanza.”

Aliichukua kadi, akaiweka juu ya ile ya kwake, akazifunga zote mbili kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo.