Salio Lisilo la Macho ya Wengi

Mwamapalala ni nchi ya pamba, na siku hizi malipo ya pamba huweza kumfikia mkulima kwa simu. Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapoiona siasa ndogo ya kioo cha simu.

Tuchukue mfano. Mkulima ameuza kilo 400 kwa shilingi 1,150 kwa kilo. Simu yake iko mezani, imefungwa. Ujumbe unaingia, kioo kinawaka: amepokea Sh 460,000, na salio lake jipya ni Sh 512,300. Waliokaa naye wamesoma mambo mawili: alicholipwa leo, na alichokuwa nacho kabla, yaani Sh 52,300. La pili ndilo zito zaidi. Mdai, shemeji na mwizi wote wamepata hesabu ambayo hakuna aliyeiomba, na mwenye fedha amenyang'anywa haki ya kusema "sina".

Ajabu ni kwamba simu ndogo ya vitufe, kwa kawaida, humwambia mwenyewe kwamba ujumbe umeingia tu. Maneno husubiri afungue. Simu janja ndiyo yenye mdomo mwepesi, ingawa huweza kufunzwa kunyamaza. Kwenye Samsung, ingia `Settings`, kisha `Notifications`, kisha `Lock screen notifications`, uchague `Hide content`. Kwenye iPhone, ndani ya `Notifications`, fungua `Show Previews` uchague `When Unlocked`. Kwenye Android nyingine, tafuta `Sensitive notifications` uizime. Majina hutofautiana kidogo kwa toleo.

Kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau: kwenye Android, ufichaji huu huhitaji simu iwe na namba ya siri, mchoro au alama ya kidole. Kioo kinachofunguka kwa kutelezesha kidole tu hakina cha kuficha. Ukimaliza, jaribu: funga simu, mwombe mwenzako akutumie ujumbe. Ukiona jina la programu bila maneno, umefanikiwa.

Kinga hii ina mipaka. Simu ikiwa wazi mkononi, ujumbe bado hushuka juu ya kioo. Ukiuliza salio kwa `*150*00#`, jibu hutokea lote mbele ya aliye begani kwako. Programu nyingi za benki zina alama ya jicho ya kuficha salio. Menyu hiyo haina. Na laini ikichomolewa na kuwekwa kwenye simu nyingine, ujumbe mpya utasomeka huko, isipokuwa laini yenyewe iwe na namba yake ya siri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazibana taasisi zinazokusanya taarifa zetu. Jirani anayechungulia mezani haimfikii. Kwake, ulinzi uliopo ni huo mpangilio wa simu, na watumishi wa ugani wanaomfundisha mkulima kupokea malipo kwa simu wangeufundisha siku hiyo hiyo.