Pango la Miezi Sita na Ombi Langu kwa Mama Mwenye Nyumba

Katika jiji la Dar es Salaam mshahara hulipwa kwa mwezi, lakini nyumba hulipiwa kwa nusu mwaka. Yapo madai ya mwaka mzima pia. Mtumishi anayepokea ujira wake kila mwisho wa mwezi hutakiwa kutoa kwa siku moja pango la siku mia moja na themanini ambazo hajaziishi. Tumeuzoea utaratibu huu kiasi kwamba hatuuiti kwa jina lake. Mimi nauita mkopo: mpangaji humkopesha mwenye nyumba bila riba, na mara nyingi fedha hizo mpangaji mwenyewe amezikopa kwa riba katika chama cha akiba na mikopo cha kazini.

Nililitambua hilo nilipokuwa nikitafuta nyumba Kimara. Nilipata vyumba viwili na sebule kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 1,800,000, na juu yake dalali alidai pango la mwezi mmoja, kama ilivyo desturi. Jumla 2,100,000. Mfukoni nilikuwa na 1,300,000, na mwenye nyumba niliyokuwa nikiishi alikwisha kunipa tarehe ya kutoka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumweleza dalali. Nilimwambia, kwa unyenyekevu wote, kwamba ningeomba kulipa kwa awamu. Akanijibu kwamba mama hapokei vipande vipande na kwamba wapo watu wawili wanaoisubiri nyumba ileile. Sikumlaumu sana. Ujira wake hutoka siku ya kutia saini, na mazungumzo yoyote yanayoichelewesha siku hiyo ni hasara kwake. Nikaomba tu anifikishe kwa mwenye nyumba.

Mama yule alikuwa muuguzi mstaafu. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kitini. Nikasema: "Mama, nyumba nimeipenda, na bei yako sina neno nayo. Miezi sita nitailipa yote. Ninachoomba ni kwamba nikulipe miezi mitatu leo, na iliyobaki niimalize katika mishahara miwili inayokuja."

Hakukataa, wala hakukubali. Alisema, "Mwanangu, aliyekutangulia aliniambia hivyohivyo. Alilipa mitatu, akakaa mitano."

Hapa ndipo mjadala wetu wa hadhara kuhusu pango hupotea njia. Tunamchora mwenye nyumba kama bepari asiye na huruma, ilhali wengi wao ni watu wa aina ya mama huyu: wamejenga kwa matofali ya kununua kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, na kumtoa mpangaji sugu kwa njia ya sheria huwagharimu muda na nauli. Sheria ya kudhibiti pango ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya nyumba, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo makubaliano yameachiwa pande mbili, na kila upande hujilinda kwa silaha iliyo karibu. Silaha ya mwenye nyumba ni fedha ya mbele. Mawaziri wamelikemea jambo hili kwa nyakati mbalimbali, lakini karipio halimpi mama yule njia nyingine ya kujilinda.

Kwa hiyo sikumwomba aniamini. Nilichukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Siku ya kutia saini angepokea 900,000, yaani miezi mitatu. Mwezi wa kwanza ukiisha, 300,000 zimekwisha kuliwa na siku, amebaki na 600,000 mkononi. Siku hiyo ningemletea 450,000, akawa na 1,050,000. Mwezi wa pili ukiisha, zinatoka tena 300,000, zinabaki 750,000. Nami ningeongeza 450,000 za mwisho, akawa na 1,200,000, ambazo ni pango la miezi minne iliyosalia barabara. Katika hesabu yote hiyo hapakuwa na siku hata moja ambayo ningelala ndani ya nyumba yake kwa deni. Aliyemtangulia kumwomba alisema atamalizia. Hakutaja kiasi wala tarehe. Neno hilo "nitamalizia" ndilo lililomponza mama.

Aliitazama karatasi kwa muda, akauliza swali ambalo mwanasheria angelisifu: "Na usipoleta?"

Yeye alitaka nisipoleta, nitoke na nilichokwisha kulipa kipotee. Nilimsihi tuandike vinginevyo: nikichelewa zaidi ya siku saba, mkataba ufupike hadi mwisho wa miezi niliyoilipia, nami niondoke siku hiyo bila ubishi. Nilimweleza kwamba fedha aliyoipokea ni ya siku maalumu, na siku hizo ni zangu. Baada ya kimya alikubali, kwa sharti kwamba mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe shahidi. Sharti hilo lilinifaa mimi pia.

Tulipoketi kutia saini, dalali alitoa mkataba wake, ile fomu ya kurudufu inayouzwa katika vibanda vya steshenari. Ulikuwa na sentensi iliyokwisha kuchapwa: mpangishaji amepokea pango lote la miezi sita. Dalali alishauri tutie saini hivyohivyo, kwa kuwa sisi ni watu wazima na tumekwisha kuelewana. Ningeweza kunyamaza, maana sentensi ile ilikuwa faida yangu. Kwa maandishi ningekuwa nimelipa 900,000 ambazo sikuzilipa. Lakini mtu anayeomba awamu halafu akaacha karatasi iseme uongo kwa manufaa yake amekwisha kuthibitisha hofu ya mwenye nyumba. Niliomba ifutwe. Tuliikata kwa mstari, tukaandika juu yake kiasi kilichopokelewa siku ile, kisha viwango viwili vilivyobaki na tarehe zake, na kifungu cha siku saba. Kila palipofutwa tulitia saini pembeni sote wawili, katika nakala zote. Pia nilichunga neno "kianzio" lisiingie, kwa sababu baadhi ya wenye nyumba hulitafsiri kuwa fedha ya kushikia nafasi, isiyohesabika katika pango wala kurudishwa.

Dalali alipokea 300,000 zake zote kwa mkupuo. Kwake sikuthubutu kuomba awamu. Nilibaki na shilingi 100,000, zikaishia kwenye gari la kuhamisha vyombo.

Awamu ya kwanza niliipeleka siku mbili kabla ya tarehe, ya pili siku yenyewe, na kila mara mama aliandika katika daftari lake nami nikatia saini. Ilikuwa katika awamu ya pili ndipo aliponionyesha, nyuma ya nyumba, chumba kilichopigwa lipu kuta mbili tu. Alikuwa amepanga kukimaliza chote kwa milioni moja na laki nane zangu, fundi akiwa bado na nafasi na saruji ikinunuliwa pamoja. Fedha ilipokuja vipande, fundi alichukua kazi kwingine, na ile 450,000 ya kwanza ikaishia kwenye ada ya mjukuu. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mkataba ukiisha, kama nitapenda kuendelea, angeshukuru safari hiyo nimpe yote kwa pamoja.

Nilimwahidi nitajitahidi. Jioni ile nilianza kutenga 300,000 kila mwezi, ambazo kwa hesabu zingefika 1,200,000 siku mkataba utakapokwisha, pungufu ya laki sita.