Hotuba Niliyoifuta

Filamu yangu ya kwanza kuhusu wasichana kubaki masomoni niliimaliza kwa hotuba. Mwalimu anamkumbusha baba kwamba sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, hairuhusu ndoa chini ya miaka 18. Baba anainamisha kichwa. Tuliionyesha Mashamba, upande wa Kolwezi, kwenye shuka lililofungwa kati ya miti miwili, na watu wakapiga makofi. Nilipouliza wanaonaje, kimya. Mwalimu alikuwa amekwisha kusema yote.

Mama mmoja ndiye aliyenisaidia. "Ule baba," alisema, "hamukumuuliza franga zitatoka wapi."

Alikuwa na haki. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali ni za bure, lakini sekondari bado wazazi wanalipa minerivali. Basi niliandika upya. Binti amemaliza msingi. Kaka yake yuko sekondari. Pesa zilizo mezani zinatosha mtoto mmoja. Shangazi anasema binti aje kuosha mawe ya shaba kwa muda mfupi tu. Baba anajibu, "Mwaka ujao atarudi." Filamu inakatika hapo, pesa zikiwa bado mezani, na mwongozaji anauliza: nani hakuulizwa katika nyumba hii?

Lugha pia niliibadilisha. Niliandika "Nimefukuzwa shuleni", mchezaji wangu akasema kwake wanasema "Banamifukuza ku masomo." Nikaacha maneno yake. Tangu hapo siwapi wachezaji maneno kamili, nawapa mpango wa tukio tu. Si ugunduzi wangu: mwaka 1986 kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilitengeneza hivyo mchezo mzima kutokana na msemo mmoja kuhusu utawala, na Johannes Fabian akaueleza katika kitabu chake. Ninachodhibiti ni urefu wa kauli. Jenereta inanguruma, kwa hiyo kauli ni fupi, na kiasi cha pesa kinatajwa mara mbili, na watu wawili tofauti.

Kosa moja sikuliona kwenye karatasi. Picha haionekani vizuri kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Majadiliano yalipoanza, wasichana walikuwa wamekwenda nyumbani kupika na kulaza wadogo zao, na wanaume wakajadili habari zao bila wao.

Sasa wasichana wanaiona kwanza, saa tisa alasiri, katika darasa lililozibwa madirisha kwa vitenge. Wanachagua swali moja, nasi tunalisoma usiku kabla ya mtu mzima yeyote kusema, bila kutaja nani alilitoa. Mara ya kwanza walichagua hili: "Mwaka ujao ni lini?"

Usiku ule hakuna aliyepiga makofi. Baba mmoja alianza kuhesabu kwa sauti miezi na minerivali, jirani yake akamsahihisha, na mazungumzo yakaendelea hata baada ya jenereta kuzimwa.