Mfungo Tatu si Mwezi wa Tatu

Ukimwambia mtu wa Nairobi "mwezi wa tatu", anawaza Machi. Ukimwambia mtoto wa madrasa, atahesabu kwa vidole: Muharamu, Safar, halafu Rabii-al-awali. Lakini mwambie shangazi yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, "Mfungo Tatu", na atakuuliza kama mbuzi amepatikana. Kwake huo ni mwezi wa Idi ya kuchinja, ule Waarabu wanauita Dhulhija. Pwani tunaanza kuhesabu baada ya Ramadhani kuisha: Mfungo Mosi ni Shawali, Mfungo Pili ni Dhulkaada, Mfungo Tatu ni Dhulhija, na kuendelea hadi Mfungo Tisa. Baada ya hapo kuna Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Mwezi wa Maulidi, ambao kwa kalenda ya Kiarabu ni wa tatu, kwetu ni Mfungo Sita.

Hiyo tatu moja karibu ituondolee nyumba.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, ukuta wa matumbawe, ngazi nyembamba utadhani imejengwa kwa ajili ya paka. Babu mzaa babu yangu aliiweka wakfu kwa kizazi chake, na shangazi ndiye anakaa chini. Juzi tawi moja la ukoo likasema wakfu huo ni wa kubuni na nyumba inaweza kuuzwa. Hoja yao haikuwa ya kelele. Walileta karatasi tatu na kuzipanga kwa tarehe. Wakaomba mtu yeyote mwenye akili azisome.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzichapa na kuzikagua kabla ziende kwa wakili. Niliacha chuo mwaka wa tatu (tena tatu), na tangu hapo naishi kwa kuandika na kutafsiri vitu vya watu. Kwenye familia hiyo inamaanisha karatasi zote zinaishia kwenye laptopu yangu.

Karatasi ya kwanza ni ya rehani. Babu alikopa pesa na kuweka nyumba dhamana. Imeandikwa Jumatatu, 13 Shaabani 1351, sawa na 12 Desemba 1932. Ya pili ni ya kukomboa rehani, deni limelipwa lote: usiku wa Jumatano, 9 Mfungo Tatu 1351, 4 Aprili 1933. Ya tatu ni wakfu, nakala iliyopigwa taipu: Alhamisi, 17/3/1351, sawa na 21 Julai 1932.

Umeona shida? Kwa mpangilio huo babu aliweka nyumba wakfu mwezi wa Julai, kisha Desemba akaiweka rehani. Nyumba ya wakfu si mali yako tena. Huwezi kuitoa dhamana kwa mkopeshaji. Kwa hivyo, walisema hao ndugu, ama babu alikuwa tapeli, ama wakfu uliandikwa baadaye na mtu mwingine akaurudisha nyuma.

Nikaanza na kitu ninachoweza kupima: je, kila tarehe ya Kiislamu inakubaliana na mwenzake wa Kizungu?

Hesabu yenyewe si uchawi. Mwaka wa Hijria una siku 354, mara nyingine 355, kwa hivyo unatangulia mwaka wa jua kwa siku kama 11. Kwenye jedwali, mwezi wa kwanza una siku 30, wa pili 29, wa tatu 30, unabadilishana hivyo hivyo. Unachohitaji ni mahali pa kuanzia. Jedwali linasema tarehe mosi Muharamu 1351 ilikuwa Jumamosi, 7 Mei 1932. Kutoka hapo ni kuhesabu siku tu.

Shaabani ni mwezi wa nane, kwa hivyo miezi saba imepita: siku 207. Ukizihesabu kutoka 7 Mei unafika 30 Novemba 1932, Jumatano. Hiyo ni Shaabani mosi. Tarehe 13 inakuja siku 12 baadaye: 12 Desemba, Jumatatu. Karatasi ya kwanza iko sawa, na siku ya wiki pia inakubali. Hiyo siku ya wiki usiidharau. Mtu anaweza kukosea namba, lakini siku aliyokaa na mashahidi anaijua. Mimi huichukulia kama refa kati ya tarehe mbili.

Karatasi ya pili ikanikunja uso. Kabla ya Dhulhija kuna miezi 11, yaani siku 325, na zinatupeleka 28 Machi 1933, Jumanne. Tarehe 9 ya mwezi huo basi ni Jumatano, 5 Aprili. Karatasi inasema 4 Aprili. Siku moja imepotea.

Lakini isome tena: "usiku wa Jumatano". Kwa Kiswahili cha pwani, siku inaanza magharibi jua likizama, na usiku unatangulia mchana wake. Usiku wa Jumatano ni ule ambao Nairobi tungeuita Jumanne usiku. Waliokaa kuandika baada ya Isha walikuwa tayari kwenye tarehe 9, lakini kalenda ya Kizungu ingebaki 4 Aprili mpaka saa sita za usiku. Tarehe zote mbili ni za kweli kwa wakati huo huo. Kama karatasi ingesema "Jumatano asubuhi", hapo ndiyo ningeshtuka, maana 4 Aprili asubuhi ilikuwa Jumanne.

Ndoa nyingi za zamani zina tofauti kama hii kwa sababu hiyo hiyo: nikaha imefungwa usiku. Kuna pia sababu ya pili, mwezi wenyewe. Jedwali halitazami angani, watu wanatazama. Mwandamo ukionekana mapema au ukichelewa, tarehe ya mji inaweza kupishana na jedwali kwa siku moja, mara chache mbili. Hata tarehe maarufu zinapishana. Msikiti Mtukufu wa Makka ulivamiwa 20 Novemba 1979, na kwa kalenda ya Saudia siku hiyo ilikuwa mosi Muharamu 1400. Jedwali nililotumia mimi linaiweka mosi Muharamu kesho yake, 21 Novemba. Hakuna aliyeghushi. Kwa hivyo tofauti ya siku moja haitoshi kumwita mtu mwongo. Ikifika siku tano, au mwezi mzima, hapo uliza maswali.

Nikaja kwa karatasi ya tatu nikiitarajia ichanganyikiwe. Wapi! Tarehe 17 ya mwezi wa tatu: miezi miwili imepita, siku 59, ongeza 16, jumla 75. Kutoka 7 Mei unafika 21 Julai 1932. Siku gani? Alhamisi. Tarehe ya Kiislamu, tarehe ya Kizungu na siku ya wiki, zote tatu zinashikana mikono. Hii ndiyo karatasi safi kuliko zote, na ndiyo inayotumaliza.

Nilikaa nayo usiku mzima. Mwishowe nikauliza swali ambalo hesabu haiwezi kujibu: hii tarehe ya Kizungu imetoka wapi? Karatasi mbili za kwanza ziliandikwa siku ya tukio, na tarehe zote mbili ziko kwa mwandiko mmoja. Ya tatu ni nakala ya taipu ya miaka ya baadaye. Mahali fulani lazima kuwe na ya asili.

Shangazi alikuwa nayo, kwenye sanduku, ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Akanisomea mwenyewe, pole pole, kidole kikienda kulia kwenda kushoto. Hakuna tarehe ya Kizungu mahali popote. Kuna Alhamisi, kuna kumi na saba, kuna 1351, na kuna mwezi, umeandikwa kwa maneno: Mfungo Tatu.

Basi picha ikajichora. Karani fulani aliyeipiga taipu aliona "tatu", akaandika 3. Halafu yeye au mwingine akachukua jedwali na kubadilisha 17/3 kuwa tarehe ya Kizungu. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Alikosea kusoma, kisha akahesabu vizuri kosa lake. Tarehe mbili zinazokubaliana si mashahidi wawili ikiwa moja imezaliwa na nyingine.

Na refa wangu, siku ya wiki? Kutoka 17 ya mwezi wa tatu hadi 17 ya mwezi wa kumi na mbili ni miezi tisa, ambayo kwa jedwali ni siku 266. Gawanya kwa saba: wiki 38 kamili, hakuna kinachobaki. Tarehe zote mbili zinaangukia Alhamisi. Kati ya makosa yote ambayo karani angeweza kufanya, alifanya lile ambalo siku ya wiki haliwezi kulikamata. Angeandika 4 badala ya 3, ingekuwa Jumamosi na mtu angeliona miaka mingi iliyopita.

Sasa weka tarehe ya kweli. Mfungo Tatu mosi ni 28 Machi 1933, kwa hivyo tarehe 17 ni Alhamisi, 13 Aprili 1933. Panga upya karatasi. Desemba babu anakopa. Usiku wa kuamkia Arafa, 4 Aprili, analipa deni lote. Idi inaingia Alhamisi. Alhamisi inayofuata, nyumba ikiwa yake tena bila deni la mtu, anaiweka wakfu. Tapeli hayupo kwenye karatasi hizo. Yupo mtu aliyesubiri nyumba iwe huru ndiyo aitoe.

Wakili alipopokea maelezo yangu aliuliza nina digrii ya nini. Nikamwambia sina. Akasema basi usomaji wa ile ya asili utathibitishwa na mtu anayekubalika kusoma maandishi hayo, si mimi wala shangazi, na hilo ni haki. Lakini hesabu aliiacha kama nilivyoiandika, kila hatua na idadi ya siku zake, ili yeyote mwenye kalenda na kalamu airudie mwenyewe. Juu ya ukurasa nilipanga safu nne badala ya mbili: Hijria, Kizungu, siku ya wiki, na ya nne inasema nani aliandika tarehe hiyo na aliitoa wapi. Kwenye mstari wa wakfu, safu hiyo ya nne ndiyo ndefu kuliko zote.

Kesi bado inaendelea. Shangazi ameihamisha ile karatasi kutoka mfuko wa sukari hadi kwenye bahasha, na juu ya bahasha ameandika kwa kalamu ya bluu: Mfungo Tatu, mwezi wa kuchinja.